Ahsante kwa video ya kutia dawa kisima, lakini hesabu ya dakika ya saba ina kosa (na sasa maji yangu yana chumvi)

ndoo_na_kamba, Jumatatu, saa 3 usiku

Assalam aleikum wanajukwaa. Kuna ile video ya Fundi Visima ya kusafisha na kutia klorini kisima cha nyumbani, wengi humu mmeiona. Najua fundi mwenyewe hupita huku, kwa hivyo naandika hapa, kule chini ya video maneno yangu yatafunikwa na watu wa "wa kwanza leo".

Kwanza shukrani, na si za mdomoni. Nyumba yetu iko Mji wa Kale wa Mombasa, kisima kiko uani tangu enzi za babu, na kabla ya video hii tulikuwa tunamimina jiki kwa macho: mama akisema "tia kidogo", mimi natia kidogo. Fundi ndiye wa kwanza niliyemwona akipima kisima kwa kamba yenye jiwe, akaonyesha wapi kamba imelowa na wapi ni kavu, halafu akasugua kuta kwa brashi kabla ya dawa. Ile ya kukoroga unga wa klorini kwenye ndoo ya plastiki kwanza, unga uingie kwenye maji na si maji kumwagiwa juu ya unga, nayo sikuijua.

Sasa kosa. Dakika ya saba anasema: chukua upana wa kisima, zidisha kwa wenyewe, zidisha kwa 3.14, zidisha kwa kina cha maji. Kisima changu kina upana wa mita 1.2 na maji ya mita 2. Nikapata mita za ujazo 9 na kitu, yaani lita 9,043. Nikafuata kipimo chake cha miligramu 50 kwa lita, kwa unga wenye klorini 65%, nikatia gramu 700 Ijumaa usiku. Asubuhi ukifunua kifuniko macho yanatoka machozi. Nikawasha pampu Jumamosi saa mbili asubuhi, nikaizima adhana ya Maghrib. Maji nikayaelekeza kwenye mfereji wa uani, na asumini ya mama iliyo pembeni imekauka majani yote upande mmoja. Sijasamehewa bado.

Mpwa wangu wa sekondari ndiye aliyecheka. Akaniambia, "Mjomba, hapo ni nusu ya upana, si upana mzima."

Na swali langu: tangu Jumamosi maji yana chumvi kuliko zamani. Yetu yalikuwa na chumvi kidogo siku zote, hatuyanywi, ni ya kuoga, kufua na kuosha vyombo, lakini sasa sabuni haitoi povu na mama anasema hata kusukutua hawezi. Ni dawa imebaki, au ni nini?

---

chai_ya_tangawizi, Jumatatu, saa 3 usiku

Mpwa wako ana haki. Lakini si jambo kubwa, kama alitumia upana badala ya nusu ya upana basi gawanya jibu kwa mbili. Lita 4,500, ulitakiwa kutia gramu 350. Umezidisha mara mbili tu, haiui.

---

mzee_wa_maabara, Jumatatu, saa 4 usiku

Chai, hapana. Upana umezidishwa kwa wenyewe, kwa hivyo na kosa limejizidisha lenyewe. Chukua masinia mawili, moja lina upana wa mikono miwili na jingine mkono mmoja. Mkeka wa duara unaofunika lile kubwa una ukubwa wa mikeka minne ya lile dogo, si miwili. Ndiyo maana pilau ya sinia kubwa inakula watu wote wale.

Hesabu ya ndugu yetu ni hii:

```
nusu ya upana = 0.6 m
0.6 × 0.6 × 3.14 × 2 = 2.26 m³ = lita 2,260
lita 2,260 × 50 mg = 113 g za klorini
113 ÷ 0.65 = 174 g za unga
```

Alitia 700. Ni mara nne. Maji yake usiku ule yalikuwa na miligramu 200 kwa lita, si 50.

Kwa asiyependa kugawa, iko njia ya mkato niliyoitumia miaka yote: upana mara upana mara kina, vyote kwa mita, kisha mara 785. Jibu linakuja kwa lita moja kwa moja. 1.2 × 1.2 × 2 × 785 = 2,260. Iandikeni kwa chaki nyuma ya mlango wa pampu.

Suala la chumvi nitalirudia kesho, ni refu na macho yangu si ya usiku.

---

FundiVisima, Jumanne, saa 12 asubuhi

Wa aleikum salaam. Shukran kwa kutazama. Ndugu zangu, mimi nimeingia visimani kuanzia Likoni mpaka Mtwapa, na hakuna mteja aliyerudi kulalamika. Dawa ikizidi kidogo si hasara, wadudu wanakufa vizuri zaidi, maji yanavutwa, kisha basi. Hatari ni kutia pungufu. Halafu kwenye video nimesema "pima katikati", maana yake kuanzia katikati ya kisima hadi ukutani.

---

ndoo_na_kamba, Jumanne, saa 1 asubuhi

Fundi, kwa heshima zote. Dakika ya 6 na sekunde 40 utepe umeulaza kutoka ukuta hadi ukuta, na mdomo wako unasema "mita moja na nusu, huu ndio upana wetu". Kisha unazidisha 1.5 kwa 1.5. Nimerudia mara tatu. Sikusemi vibaya, kazi yako naipenda, lakini mtu mwingine atafuata vilevile na yeye atakuwa na asumini yake.

---

FundiVisima, Jumanne, saa 7 mchana

Nimeitazama sasa hivi, nimekaa chini ya mwembe hapa kazini. Ni kweli. Utepe umevuka kisima kizima.

Nitawaambia ilivyokuwa, si kujitetea. Mimi mwenyewe kazini sipigi hesabu ile. Nina kijikaratasi: kisima cha pete za futi nne, kila mita ya maji ni gramu 90 hivi za unga. Nimezoea hivyo. Siku ya kurekodi kijana anayeshika kamera akasema watu watataka kujua kanuni, nikaitafuta kichwani, ikatoka hivyo. Kwa hiyo visima vyangu vimetiwa sawa, ila video ndiyo imekosea.

Nimeshaandika sahihisho juu kabisa ya maoni, na video ya hesabu nitairekodi upya. Ndugu wa Mji wa Kale, mpe mama pole yangu. Mwagilia asumini maji mengi yasiyo na dawa, siku tatu nne. Mizizi ikiwa hai itachipua.

---

mzee_wa_maabara, Jumanne, saa 8 mchana

Futi nne ni hiyo mita 1.2, na gramu 90 kwa mita inakubaliana na hesabu ya 174 kwa mita mbili. Kijikaratasi chako kizima, fundi.

---

bi_wa_kisauni, Jumanne, saa 9 alasiri

Mie langu ni jingine. Nina kisima cha bomba, si cha kuchungulia. Nilitia jiki chupa mbili kupitia bomba, nikangoja usiku, asubuhi maji yakatoka mekundu kama chai ya rangi. Nikafikiri nimeua kisima. Kanzu tatu za mume wangu zimeingia madoa. Fundi kwenye video yake maji yametoka meupe kama ya mvua, mbona yangu hayakuwa hivyo? Au jiki ilikuwa ya bandia?

---

mzee_wa_maabara, Jumanne, saa 10 alasiri

Bi, jiki yako ilikuwa nzima, na ndiyo maana. Bomba lako ni la chuma?

---

bi_wa_kisauni, Jumanne, saa 10 alasiri

La chuma, la zamani, na pampu nayo ina miaka.

---

mzee_wa_maabara, Jumanne, saa 11 jioni

Basi ndilo hilo. Klorini huila kutu iliyoganda ndani ya bomba ikabanduka. Na kama maji yenyewe yana chuma kilichoyeyuka, ambacho hukioni, klorini hukigeuza kutu ya kuonekana. Maji yaliyokuwa maangavu yanageuka mekundu mbele yako. Unavuta mpaka yatakate, na siku hiyo hufui nguo. Madoa ya kanzu usiyatie jiki tena, yatashika zaidi. Maji ya ndimu na chumvi, anika juani, suuza, rudia.

Dalili ya kuangalia: yakitakata baada ya saa kadhaa, ni kutu ya bomba. Wekundu ukirudi kila unapotia dawa, kila mara kwa kiasi kilekile, chuma kimo kwenye maji yenyewe.

---

dereva_tukutuku, Jumanne, saa 1 usiku

Nimeelewa vizuri sana shukran. Kwa hivyo mimi tangi langu la lita 2,000 juu ya nyumba natia gramu 150 za huo unga ndio tunywe salama? Mtoto ameumwa tumbo wiki iliyopita.

---

mzee_wa_maabara, Jumanne, saa 1 usiku

USITIE. Ngoja kwanza.

Gramu 174 ni dawa ya kuosha kisima. Maji yale hayanywewi, hayaogwi, yanavutwa yote na kumwagwa. Dawa ya maji ya kunywa ni nyingine kabisa, ndogo mno: miligramu 2 kwa lita kama maji ni maangavu. Kwa tangi lako la lita 2,000 ni gramu 4 za klorini. Kwa jiki isiyo na harufu ya maua, iliyoandikwa 3.5% kwenye chupa, ni mililita 115 hivi. Vile vikombe vya kahawa chungu vya wauza kahawa, ni viwili. Si chupa, ni vikombe viwili vya kahawa kwa tangi zima. Koroga, subiri nusu saa, halafu utumie.

Na maji yenyewe ni ya wapi? Kama ni ya kisima chenye chumvi, hiyo dawa itaua vijidudu lakini chumvi itabaki palepale. Mtoto akiwa bado anaharisha mpeleke kliniki, usingoje majibu ya jukwaani.

---

dereva_tukutuku, Jumanne, saa 2 usiku

Alhamdulillah nimeuliza. Maji ni ya mfereji, yanakuja mara mbili kwa wiki, siku nyingine ni mkokoteni wa mitungi. Mtoto hajambo sasa. Nimenunua jiki ina picha ya ndimu kwenye chupa, hiyo inafaa?

---

bi_wa_kisauni, Jumanne, saa 2 usiku

Hiyo ya ndimu ni ya choo na nguo mwanangu. Rudisha, chukua ile kavu isiyonukia.

---

chai_ya_tangawizi, Jumanne, saa 3 usiku

Turudi kwenye chumvi ya ndoo_na_kamba. Mimi nina jibu. Klorini na chumvi ni ndugu, chumvi ya jikoni nusu yake ni klorini. Ametia mara nne, imegeuka chumvi. Imeisha hiyo.

---

mzee_wa_maabara, Jumatano, saa 2 asubuhi

Nusu ya maneno yako ni kweli, Chai. Klorini ikimaliza kazi hubaki majini kama kloridi, na hiyo ni sehemu ya chumvi. Lakini fuata mahesabu. Alitia gramu 700 za unga kwenye lita 2,260, kisha akavuta maji kuanzia saa mbili asubuhi hadi Maghrib. Hiyo chumvi ya dawa imeshakwenda na maji aliyoyamwaga. Kama ingekuwa ndiyo, maji yangekuwa mabaya Jumamosi asubuhi na kuwa mazuri kila saa. Yake yamekwenda kinyume.

Ndoo, niambie mambo mawili. Pampu yako inajaza tangi la lita 1,000 kwa muda gani? Na kwa siku ya kawaida nyumba yenu inatumia kiasi gani?

---

ndoo_na_kamba, Jumatano, saa 4 asubuhi

Tangi la 1,000 linajaa kwa dakika 35 hivi. Kwa siku tunatumia nusu tangi, siku ya kufua zaidi kidogo. Jumamosi nilizima pampu mara mbili tatu maji yalipokuwa yanaishia, nikangoja, nikawasha tena. Kwa jumla ilifanya kazi kama saa 10.

---

mzee_wa_maabara, Jumatano, saa 5 asubuhi

Saa 10 ni matangi 17. Umevuta lita 17,000 siku moja. Kwenu hayo ni matumizi ya zaidi ya mwezi mzima, yaliyovutwa kati ya asubuhi na magharibi.

Sasa sikiliza kisima chako kilivyo. Kisiwa hiki kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, lina matundu kama sponji, na bahari imelizunguka pande zote. Maji ya mvua yanayozama chini hayachanganyiki na ya bahari mara moja. Matamu ni mepesi, yanaelea juu ya ya chumvi, mfano wa mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi, ila hapa mpaka wake haujanyooka. Kisima chako kimechota ile tabaka ya juu tu. Wazee waliochimba walijua, ndiyo maana visima vya zamani havikuzamishwa sana baada ya kukutana na maji, na vilichotwa kwa ndoo, pole pole.

Ukivuta kwa nguvu kwa saa 10, ile tabaka tamu inapungua chini ya kisima, na maji ya chumvi yaliyo chini yake yanapanda kama kilima kuelekea mdomo wa pampu yako. Kuzima pampu hakulirudishi jambo siku hiyohiyo. Kilima kinashuka taratibu sana kuliko kilivyopanda.

Na hapa nimtetee fundi kidogo. Kila ukivuta maji sawa na kisima kizima huku mapya yakiingia na kuchanganyika, dawa inabaki karibu theluthi moja ya ilivyokuwa. Kutoka miligramu 200 kufika chini ya 1 unahitaji kuvuta kisima mara tano na kitu, tuseme lita 12,000. Kutoka 50 ungehitaji mara nne, lita 9,000. Kwa hivyo kosa la hesabu limekuongezea lita 3,000. Nyingine zote ni zako na pampu yako. Hata dawa ingekuwa sawa, lita 9,000 kwa siku moja zingekuletea chumvi. Ulitakiwa uzigawe kwa siku nne tano, asubuhi matangi mawili, kisha unakiacha kisima kipumue.

---

ndoo_na_kamba, Jumatano, saa 7 mchana

Hapo umenishika. Nilikuja kumshtaki fundi, nimerudi na kesi yangu mwenyewe. Lakini fundi kwenye video anasema "vuta mpaka harufu iishe" bila kusema siku ngapi.

---

FundiVisima, Jumatano, saa 8 mchana

Kwa sababu nilirekodi Mtwapa bara kidogo, kisima kirefu, maji mengi, unaweza kuvuta siku nzima usione kitu. Kisiwani sikufikiria. Hilo nitalitia kwenye video mpya, mzee ukiniruhusu nitumie mfano wako wa mafuta na mchuzi.

Swali langu kwako mzee, na hili naliuliza kweli: visima vya karibu na bahari maji yanapanda na kushuka. Mteja wangu mmoja Kuze, asubuhi nimepima kina, jioni si kile. Nipime wakati gani? Na nitie dawa wakati gani?

---

mzee_wa_maabara, Jumatano, saa 10 alasiri

Kupima hakuna tabu kubwa. Wakati wa bamvua bahari yetu hupanda na kushuka mita tatu na zaidi, lakini kisimani inafika kidogo tu na kwa kuchelewa. Ndoo, hebu pima kisima chako mara mbili kesho, kupwa na kujaa.

Kutia dawa ndipo penye maneno. Mimi nilikuwa natia siku za maji mafu, usiku, kwa sababu maji chini ya ardhi hayatembei sana na dawa inakaa kisimani saa zake 12. Siku za bamvua maji yakipwa yanaondoka na dawa yako kupitia matundu ya jiwe.

---

mchimbaji_wa_likoni, Jumatano, saa 2 usiku

Naomba kutofautiana na mzee. Sisi Likoni tunatia kwenye kupwa kabisa, maji yakiwa machache. Dawa inakuwa kali kwa kiasi kidogo, halafu bahari ikijaa maji yanapanda na kuisukuma dawa ndani ya kuta zilizokuwa kavu. Ukitia maji yakiwa yamekufa, ile sehemu ya juu ya ukuta haiguswi.

---

mzee_wa_maabara, Jumatano, saa 3 usiku

Ukuta wa juu unausugua na kuumwagia dawa kwa ndoo, hauhitaji bahari ikufanyie. Lakini hoja yako si ya kutupwa. Sijawahi kuzipima njia hizo mbili kisima kwa kisima nikaona ipi inashinda.

---

ndoo_na_kamba, Ijumaa, saa 12 jioni

Nimepima jana, mwezi mpevu, bamvua yenyewe. Saa tano asubuhi maji yalikuwa mita 1.95. Saa kumi na moja alasiri, mita 2.25. Tofauti ya sentimita 30, na uzi wa kijani wa ukungu ukutani unaonyesha ndio mpaka wake wa siku zote, nimeishi hapa miaka 34 sijawahi kuutazama.

Nimepiga kwa 785: sentimita 30 ni lita 339, yaani gramu 26 za unga. Si kitu kikubwa.

Pia nimeazima kwa rafiki kalamu ya kupimia chumvi, ile inayoandika `ppm` kwenye kioo. Jana kupwa 2,140. Jana kujaa 2,060. Leo asubuhi 2,010. Tatizo sina kipimo cha kabla ya Jumamosi, kwa hivyo sijui narudi wapi.

---

chai_ya_tangawizi, Ijumaa, saa 1 usiku

Inashuka lakini. Kwa nini kujaa ina chumvi pungufu kuliko kupwa? Bahari ikijaa si ndiyo inaleta chumvi?

---

mzee_wa_maabara, Ijumaa, saa 2 usiku

Swali zuri, na safari hii hujakosea kushangaa. Bahari ikijaa haimwagikii kisimani, inayasukuma maji yote kutoka chini, na yale matamu ya juu yanapanda pamoja nayo. Lakini tofauti ya 80 kwa kalamu ya kuazima nisingeijengea nyumba. Ichovye kalamu kwenye maji ya juu, halafu teremsha chupa yenye jiwe uchote ya chini, upime yote mawili. Hapo ndipo tutajua kama kile kilima kiko bado. Na mdomo wa pampu uko urefu gani kutoka sakafu ya kisima?

---

ndoo_na_kamba, Ijumaa, saa 2 usiku

Umelala chini kabisa sakafuni.

---

FundiVisima, Ijumaa, saa 3 usiku

Upandishe. Nusu mita chini ya maji ya kupwa, basi. Unanyonya tabaka baya kwa makusudi.

---

jirani_wa_ukuta, Ijumaa, saa 4 usiku

Mimi nimekuwa nasoma tu tangu Jumatatu. Kisima chetu kiko ukuta wa pili na cha ndoo_na_kamba, naye hajui ni mimi. Jumapili maji yetu yalinuka jiki na hatukutia chochote. Sasa nimeelewa. Swali langu kwa mzee: kama dawa imepita kwenye jiwe kutoka kwake kuja kwetu kwa siku moja na nusu, shimo letu la choo ambalo liko hatua tisa kutoka kisima chake, je?

---

ndoo_na_kamba, Ijumaa, saa 4 usiku

Yakhe ni wewe? Fungua mlango nakuja.

---

mzee_wa_maabara, Jumamosi, saa 12 asubuhi

Nimesoma asubuhi hii. Jibu ni lilelile ambalo mmeshalipata wenyewe. Kilichopita njia moja kinapita na nyingine. Mkitia dawa leo, kisima cha Ndoo kitakuwa safi kwa siku chache, labda wiki, kisha kitarudi kilivyokuwa, maana anayekichafua hajaondoka. Kwa hali hiyo ningeacha kutibu kisima, ningetibu tangi kila linapojazwa, kwa vikombe vya kahawa, na ningechukua sampuli kutoka visima vyote viwili kwenda kupimwa vijidudu. Chupa mchukue za maabara zilizochemshwa, si za soda, na ifike siku hiyohiyo ikiwa kwenye barafu. Mchote kupwa au kujaa?

Mchote zote mbili.